Fomula ipime uwezo, si makusanyo

Ruzuku ya nusu kwa nusu huonekana ya haki kuliko zote: halmashauri ikitoa fungu lake, serikali kuu inatoa fungu kama hilo. Mimi naiona ndiyo inayopanua pengo.

Chukua halmashauri mbili zenye idadi sawa ya watu. Wastani wa mapato ya ndani ambayo halmashauri za nchi hiyo zinaweza kukusanya kwa kila mkazi tuuite 100. Ya kwanza ina uwezo wa 140, ya pili 60. Serikali kuu inatangaza ruzuku ya barabara yenye sharti la mchango. Ya kwanza inachanga 30 bila kuhangaika, inaongezewa 30. Ya pili ikishalipa mishahara inabaki na 10, basi inapata 10. Mwenye nacho kaongezewa, na hakuna sheria iliyovunjwa. Tena hiyo 10 imefungwa kwenye barabara, hata kama shida kubwa ya wakazi ni maji.

Ruzuku ya kusawazisha hufuata njia nyingine. Fomula hutazama upungufu wa uwezo kutoka kwenye wastani, hapa ni 40, kisha hulipa wote au sehemu yake, bila kuagiza fedha itumike wapi. Wakilipa nusu, halmashauri ya pili inafikia 80. Pengo lililokuwa 80 sasa ni 60.

Neno zito hapo ni uwezo. Tuseme halmashauri ya pili ni mvivu wa kukusanya, inapata 45 tu badala ya 60. Fomula inayopima makusanyo itaona upungufu wa 55 na kuongeza ruzuku, uzembe umelipwa. Inayopima uwezo huchukua thamani ya majengo, biashara na mapato ya wakazi, ikaipigia viwango vya kawaida vya kodi, na jibu linabaki 60. Ile 15 iliyoachwa mitaani ni hasara ya halmashauri yenyewe, na ikijitahidi ikakusanya 70, ziada ni yake. Kanada hufanya hivyo kwa majimbo yake: hupima uwezo wa kodi, na fedha hutolewa bila masharti.

Kasoro ipo kwenye takwimu. Daftari la majengo lisipofanyiwa uthamini upya kwa miaka mingi, mji uliokua haraka huonekana maskini na kuchukua fungu la wengine. Ukiona uwezo wa mji haubadiliki kwenye hesabu wakati majengo mapya yanaota kila upande, anza kulikagua daftari.

Masharti sikatai kabisa. Chanjo, kwa mfano, ina faida inayovuka mipaka ya halmashauri, na ikiachiwa kila mmoja aamue, wengine wataipunja. Hapo sharti liwekwe kwenye matumizi, lakini mchango upangwe kulingana na uwezo: mwenye 140 achangie nusu, mwenye 60 achangie sehemu ndogo au asichangie.