Nondo ya nne: nguzo na boriti zinapopimana ubavu Dodoma

"Mhandisi, hiyo 1.3 ya nguzo na boriti tunaihitaji kweli hapa Dodoma, au tunamtoza mteja zege la bure?"

Aliyeuliza ni kijana anayechora vizuri, na swali lake si la uvivu. Anaulizia kanuni ya tetemeko inayodai kwamba kila nguzo na boriti zinapokutana, nguzo ziwe na uwezo wa kukunjwa mara 1.3 ya ule wa boriti. Ofisi nyingi bado zina BS 8110 mezani, hati ya zamani ya Uingereza ya kusanifu zege, na hati hiyo haina kanuni za tetemeko. Majengo yaliyosanifiwa kwa hati hiyo yamesimama. Hata Eurocode 8, hati ya Ulaya ya kusanifu dhidi ya tetemeko, inakotoka hiyo 1.3, yenyewe inakubali kwamba mahali penye mtikisiko mdogo unaweza kusanifu kwa njia ya kawaida, ukaachana kabisa na usanifu wa uwezo, yaani kuchagua mapema jengo livunjikie wapi. Hapo umechagua jengo lihimili nguvu zote bila kutegemea kunyumbuka, na hakuna wa kukulaumu.

Ila Dodoma si mahali pa kusema hivyo kwa haraka. Tawi la mashariki la Bonde la Ufa linafifia na kutawanyika katikati ya nchi, na nyufa za Bubu na Hombolo ziko jirani na mji. Novemba 2002 mji ulitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.5 hivi. Mji ule haukuwa na maghorofa haya tunayoyaona leo yakichipuka Ilazo, Njedengwa na Mtumba.

Ninachokiona kila mara ni kwamba kanuni hii inabishaniwa na watu wanaodhani inahusu nguvu za jengo. Haihusu. Inahusu mahali pa kuvunjikia. Tetemeko kubwa likizidi nguvu ulizosanifia, nondo zitafika kikomo na kuanza kuvutika mahali fulani, na mahali hapo patageuka kuwa bawaba. Swali ni bawaba iwe kwenye boriti au kwenye nguzo.

Chukua ghorofa tatu, kila moja mita 3, na kilele kikayumba milimita 90. Bawaba zikiwa kwenye boriti, nguzo zinabaki zimenyooka kama fimbo ndefu na sakafu zote zinagawana mwendo: milimita 90 kwa mita 9, yaani asilimia 1 kila sakafu. Bawaba zikitokea juu na chini ya nguzo za sakafu ya chini, milimita hizo 90 zote zinaishia kwenye mita 3. Hiyo ni asilimia 3, na inabebwa na nguzo zile zile zilizobeba uzito wa jengo zima. Boriti iliyopasuka mwishoni inaning'inia na watu wanatoka. Nguzo ikisalimu amri, kilicho juu yake kinashuka.

Kwa hiyo kwenye kila kiungo, pale nguzo na boriti zinapokutana, unajumlisha uwezo wa nguzo ya juu na ya chini, huo ni ΣMRc, unajumlisha uwezo wa boriti za pande mbili, huo ni ΣMRb, kisha unadai:

```
ΣMRc ≥ 1.3 ΣMRb
```

Marekani wanadai 1.2, lakini wanahesabu uwezo kwa namna yao, kwa hiyo usizilinganishe kichwa kichwa.

Sasa nije kwenye mchoro nilioletewa kuupitia. Ni jengo la ghorofa tatu, chini fremu za maduka (fremu za kupangisha, mifupa ya jengo nitaiita kiunzi ili tusichanganyane), juu ofisi. Nguzo ziko kila mita 5. Nguzo ya ndani ni milimita 300 kwa 300, nondo 8 za milimita 16. Boriti ni 250 kwa 500, nondo 4 za 16 juu na 3 za 16 chini, na slabu ni ya milimita 150. Zege la megapaskali 25, nondo za 500, ambazo baada ya kugawa kwa kigezo cha usalama cha 1.15 zinabaki 435.

Boriti kwanza. Jengo likiyumba, upande mmoja wa kiungo zinavutwa nondo za juu za boriti, upande wa pili zinavutwa za chini. Nondo 4 za juu zina milimita za mraba 804. Ukizizidisha kwa 435 unapata kilonyutoni 350, na mkono wa mita 0.40 unakupa momenti, yaani uwezo wa kupinga kukunjwa, ya 140. Nondo 3 za chini zinatoa 262, na kwa mkono wa 0.43, 113. Jumla ni kilonyutoni mita 253.

Nguzo zinahitaji mzigo wa wima, maana uwezo wake unabadilika nao. Chini ya kiungo nilichukua kilonyutoni 600, juu yake 400. Zote mbili zilitoka karibu sawa, 99 na 98. Jumla 197. Gawa kwa 253: 0.78. Kinachodaiwa ni 1.3. Mchoro huu ungepita ofisi yoyote inayotumia hesabu za kawaida, maana kwa mzigo wa wima nguzo ile inatosha kabisa. Lakini umechagua, bila kujua, kwamba nguzo ndiyo itavunjika kwanza.

Mbuni alipoona hivyo alifanya vizuri: akapanua nguzo hadi 400 kwa 400, nondo 8 za milimita 20. Uwezo ukawa 222 chini na 212 juu, jumla 434. Akagawa kwa 253, akapata 1.72, akanirudishia kwa furaha. Na hapa ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu 1.72 ile si ya kweli.

Boriti haiko peke yake. Imemwagwa pamoja na slabu, na slabu ina nondo zake za juu zinazopita juu ya boriti ya kukingama, sambamba na boriti tunayoipima. Boriti inapovutwa upande wake wa juu, nondo hizo zinavutwa nayo. Mbuni huziacha kwa kuwa kwenye hesabu ya mzigo wa wima kuziacha ni tahadhari: boriti inakuwa na nguvu kuliko alivyodai, nani alalamike? Kwenye kanuni hii tahadhari inageuka kinyume. Boriti yenye nguvu ya siri ndiyo inayosukuma bawaba kwenda kwenye nguzo. Eurocode 8, kwa nguzo ya ndani yenye boriti ya kukingama, inataka uhesabu nondo za slabu hadi mara nne ya unene wa slabu kila upande wa nguzo. Hapa ni milimita 600 kila upande. Slabu ina nondo za 10 kila milimita 200, kwa hiyo tunapata nondo 6 nje ya boriti, milimita za mraba 471. Hizo zinatoa kilonyutoni 205, na momenti ya 82.

Boriti iliyokuwa 140 sasa ni 222. Jumla ya kiungo inatoka 253 hadi 335. Nguzo ya 400 iliyoonekana na akiba ya 1.72 inagusa 1.30 kwa shida. Na ile ya 300? 0.59. Nondo sita nyembamba za slabu, ambazo hakuna aliyezihesabu, zimekula karibu robo ya uwiano.

Upande wa pili una hoja mbili nzito, na sitazipitia juu juu.

Ya kwanza ni fedha. Jengo lina nguzo 12, sakafu tatu, vipande 36. Kutoka 300 hadi 400 ni zege la ziada la mita za ujazo 7.6 hivi na nondo kilo 770, kabla hujaongeza ringi na mapishano. Kwa mteja anayejenga kwa awamu, huo si mchezo. Namwambia tu kwamba kanuni haidaiwi kwenye viungo vya sakafu ya juu kabisa, na kwamba kupanua nguzo si njia pekee, nitarudi hapo.

Ya pili ni ya kiufundi na ndiyo inayonisumbua zaidi. Uwiano huu unapima kiunzi kitupu, wakati jengo la Dodoma limejazwa kuta za tofali za saruji, ngumu kuliko kiunzi chenyewe. Tetemeko dogo litabebwa na kuta, si na hesabu zangu. Ni kweli. Lakini tazama jengo lenyewe: kuta ziko juu, kwenye ofisi, na chini ni maduka yenye mageti mapana, hakuna ukuta. Kuta za juu zinafunga sakafu za juu zikawa kama boksi moja, na mwendo wote unarudi kwenye nguzo za chini. Hata uwiano wa 1.3 hautoshi kuzuia hilo. Hoja hii kwa hiyo haiwapi watu ruhusa ya kuacha kanuni. Inawataka waweke ukuta wa zege pale chini, kuzunguka ngazi kwa mfano, ambao ukibeba zaidi ya nusu ya nguvu za mlalo, ukaguzi huu kwenye viungo hata haudaiwi tena. Kwa anayetaka nguzo nyembamba, huo ndio mlango halali.

Basi nikauliza nondo ya nne ya juu kwenye boriti ilitoka wapi. Hesabu zilitosheka na tatu, tetemeko likiwamo. Ya nne, mbuni akanijibu, "niliongeza kwa usalama." Kumbe ndiyo hiyo! Nondo moja ya 16 juu ya boriti ni momenti ya 35. Ukiitoa, jumla ya boriti inashuka hadi 300 na uwiano wa nguzo ya 400 unapanda hadi 1.45. Hakuna zege lililoongezwa, na nondo imepungua.

Na saiti hisani hii ni desturi. Fundi wa nondo akiona kipande kimebaki, anakilaza kwenye boriti. Msimamizi anapita, anafurahi kwamba kazi imezidishwa. Kama mchoro ungebaki na nondo nne, ya tano ya fundi ingeshusha uwiano kutoka 1.30 hadi 1.17, na kitabu cha ukaguzi kingeandika kwamba boriti imeimarishwa. Kwenye nguzo mambo huenda kinyume: ndani ya kiungo, pale boriti nne zinapokutana, ringi za nguzo ndizo huachwa, maana nondo za boriti zikishalala hazipenyi tena. Ukitaka kujua, inama utazame kiungo kabla ya zege, uhesabu ringi kati ya chini ya boriti na juu ya slabu. Mara nyingi utakuta moja, iliyosukumwa hadi chini.

Nimerudisha mchoro na nguzo za 400, boriti zikiwa na nondo tatu juu, na ringi za kiungo zimechorwa kwa kipimo chake zikiwa zimefungwa kabla ya nondo za boriti kupita. Pembeni nimeandika kwa herufi kubwa: NONDO ZA JUU ZA BORITI ZISIZIDI TATU. Msimamizi wa saiti amenipigia simu kuuliza kama nimekosea, kama nilimaanisha zisipungue.