Kliniki inavumilia seva kuzima, haivumilii dozi kupotea

Watu wengi wakipanga bakapu za mfumo wa kliniki wanakimbilia kuuliza tukianguka tutarudi hewani baada ya muda gani, yaani RTO, afu hela yote inaishia kwenye seva ya pili ya akiba. Mi ningeanza na RPO, data ya muda gani tuko tayari kuipoteza. Mfumo ukilala masaa matatu daktari anachukua fomu za karatasi na kazi inasogea kwa kuchechemea, ila dozi iliyoingizwa asubuhi ikipotea, mgonjwa keshaenda na dawa zake na kesho hamna anayejua alipewa nini.

Chukua kliniki inayofungua saa mbili asubuhi, bakapu ni pg_dump ya saa saba usiku. Diski ikifa saa tisa mchana, wagonjwa wote wa siku hiyo wamefutika. Na hiyo seva ya akiba haikuokoi kwa kila kitu, maana mtu akiendesha UPDATE akasahau WHERE, kosa linanakiliwa huko sekunde hiyohiyo.

Kwenye PostgreSQL dawa yake ni kuchukua bakapu kamili kwa pg_basebackup, afu faili za WAL, yaani zile zinazoandika kila badiliko la databesi, zitumwe mashine nyingine mchana kutwa. Ukiweka archive_timeout = 300, faili inafungwa kila dakika tano hata kama haijajaa, kwa hiyo unapoteza kama dakika tano hivi. Na kosa likitokea saa nne na dakika arobaini unarudisha databesi hadi dakika moja kabla, kwa recovery_target_time. Gharama yake ni nafasi, kila faili ni MB 16 hata ikiwa karibu tupu, so zibane kwanza.

Ila dakika tano ni za kwenye makaratasi tu kama faili hazifiki. archive_command, ile amri inayotuma faili, ikigoma mfumo unaendelea kama kawaida, hakuna anayestuka, mpaka folda ya pg_wal zinakokaa faili hizo ijaze diski na databesi yenyewe isimame. Mtu aangalie hii kila siku, au iwekewe alamu:

```sql
SELECT last_archived_time, failed_count
FROM pg_stat_archiver;
```

Huo muda ukiwa wa jana na leo kliniki imefanya kazi, basi RPO yako ni siku nzima.

RTO nayo ihesabiwe kwa ukweli. Bakapu ya GB 60 kupitia laini ya Mbps 100 inakula dakika 80 kushuka tu, hapo hujaweka muda wa kugundua tatizo, kupata mashine, kucheza WAL na kukagua. Ukiahidi saa moja umedanganya, sema masaa manne. Afu kuna kuingiza zile fomu za karatasi, kazi ambayo wengi hawaihesabu kabisa, na mi naona wangeanza na mzio na dawa zilizotolewa, bili zisubiri.