Mimba kwenye dialisisi: mashine itakupa saa ngapi kwa wiki?

"Nipo kwenye dialisisi mwaka wa pili sasa, mara tatu kwa wiki. Nimegundua nina mimba ya wiki 9. Daktari anasema itolewe. Ni kweli hakuna njia nyingine?"

Daktari hakukutisha bure, dada. Presha kupanda, kifafa cha mimba na mtoto kuzaliwa njiti ni mambo ya mara kwa mara kwa mama aliye kwenye dialisisi. Ila ushauri wake unaelekea kuchukulia kwamba utabaki na vipindi vitatu vya saa nne, yaani saa 12 kwa wiki. Ratiba hiyo ilipangwa kwa ajili ya mwili wa mtu mmoja.

Mwaka 2014 watafiti wa Toronto, Kanada, walichapisha ulinganisho wa mimba 22 za wanawake waliosafishwa damu kwa saa nyingi na mimba 70 zilizorekodiwa Marekani. Waliosafishwa saa 20 au pungufu kwa wiki, watoto waliozaliwa hai walikuwa asilimia 48. Waliozidi saa 36, asilimia 85. Mimba za Toronto zilikwenda kama wiki 36, za Marekani kama 27, na mtoto wa wiki 27 mapafu yake bado hayajakomaa. Utasema hesabu ni ndogo, na huenda Toronto walikuwa na huduma bora katika kila kitu. Nakubali. Lakini matokeo yalipanda kadiri saa zilivyopanda, na sababu yake inaeleweka.

Urea, taka ambayo figo zilipaswa kuitoa, ikijaa kwenye damu ya mama hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Figo zake changa huitoa kwa kukojoa sana, na mkojo huo ndio sehemu kubwa ya maji ya uzazi. Maji yanazidi, mfuko wa uzazi unatanuka kupita kiasi, uchungu unaanza kabla ya wakati. Kwa hiyo ultrasound ikionyesha maji mengi, moja ya maswali ya kwanza ni kama mama anasafishwa vya kutosha. Mwongozo wa Uingereza unataka urea kabla ya kipindi iwe chini ya 12.5 mmol/L. Anayekojoa bado vizuri hufika hapo kwa saa chache zaidi; asiyekojoa kabisa anaweza kuhitaji mashine karibu kila siku.

Saa zikiongezwa, kuna kosa dogo linalofanyika kando ya mashine: uzito mkavu, yaani uzito wako maji ya ziada yakishatolewa, kuachwa ule ule wa zamani. Kuanzia miezi ya kati mimba huongeza kama nusu kilo kwa wiki. Mhudumu akiihesabu kuwa maji, atavuta kupita kiasi, presha itaanguka na damu iendayo kwenye kondo itapungua. Mwambie ukisikia kizunguzungu au misuli ikikaza.

Dawa nazo zina mtego wake. Tuseme unameza enalaprili ya presha. Hiyo, pamoja na losartani na jamaa zake, huzima figo za mtoto, hasa kuanzia miezi ya kati, na hapo maji ya uzazi hukauka badala ya kuzidi. Katika wiki 9 bado kuna nafasi ya kuiacha, lakini mpigie daktari leo akubadilishie kwa nifedipini, labetaloli au methildopa, maana presha iliyoachwa bila dawa nayo inaua. Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni. Sindano ya kuongeza damu haiachwi. Mara nyingi dozi yake hupandishwa. Muulize pia juu ya foliki asidi na aspirini ya dozi ndogo.

Sasa upande wa daktari, maana una hoja moja nzito ambayo haisemwi sana. Mimba inaweza kuufanya mwili utengeneze kingamwili dhidi ya chembe za baba wa mtoto, na baadaye ukipandikizwa figo ya baba huyo, au ya watu wengine wengi, ikakataliwa. Kama una mtu wa kukupa figo karibuni, kupandikizwa kwanza, kusubiri angalau mwaka mmoja, kisha kubeba mimba ni salama zaidi kwako na kwa mtoto. Ukifika huko, mikofenolati, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo mpya, huachwa angalau wiki 6 kabla ya kushika mimba, na azathioprini huchukua nafasi yake.

Kwa mwenye umri mkubwa na asiye na mtoaji, njia hiyo huenda isifike kamwe, na hapo ndipo naona "itolewe" imetamkwa haraka mno. Rudi na swali moja: kituo hiki kinaweza kunipa saa ngapi kwa wiki, kuanzia wiki hii, mpaka nijifungue? Kama jibu ni 20 na zaidi, huku urea ikipimwa na wa figo na wa uzazi wakiwasiliana, mazungumzo yanaanza upya. Kama ni zile zile 12 na hakuna kituo kingine, ushauri wa daktari wako unabaki na uzito wake wote.