Barua ya mama kwa watoto si ripoti ya polisi

Kuna kijana hapa mtaani kwetu Kisauni anarekodi wimbo, barua ya mama anayefanya kazi za ndani Saudia kwa watoto wake aliowaacha na nyanya yao, sasa akanitumia maneno nimtazamie mizani kwa sababu anajua mimi huandikia kikundi kimoja cha taarab. Nimeyasoma ndani ya matatu na nilipofika Buxton nilikuwa nimeshakasirika. Sio na yeye, sauti anayo na nia yake nzuri wallahi. Kinachoniuma ni kwamba kila anayeandika kuhusu hawa mama zetu anaandika wimbo ule ule. Vesi ya kwanza mama analia. Vesi ya pili kapigwa, kachomwa pasi, kanyimwa chakula. Vesi ya tatu anaomba wanawe wamwombee maana huenda harudi hai. Halafu korasi inaingia, wanangu msilie.

Sasa niulize. Mama gani atamwandikia mtoto wa gredi ya tatu kwamba amechomwa pasi?

Mimi nimelelewa na nyanya, mama yangu alikuwa Riyadh, kwa hivyo ninachosema nakijua. Hakutuambia hata mara moja jambo baya lililompata kule. Tulikuja kuyajua tukiwa watu wazima, tena kidogo kidogo, kwa kumsikia akiongea na shangazi jikoni. Alichokuwa akituma ni maagizo. Nani apelekwe kliniki, nani asitembee na fulani, unga ununuliwe wa kutosha kabla pesa haijaingia mikononi mwa wenye kukopa, sare ipunguzwe upindo isikatwe ili mwakani iteremshwe. Mapenzi yake yote yalikuwa mle ndani ya maagizo, na mtu akitaka kuandika wimbo wa mama wa Saudia aanzie hapo.

Nakubali, shingo upande lakini nakubali, kwamba nyimbo za mateso zina kazi yake. Wako waliorudi ndani ya sanduku na wako walioponea chupuchupu, na mwaka 2021 Saudia ilipolegeza sheria ya kafala, ile inayomfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemleta, ili mfanyakazi aweze kubadilisha mwajiri, wafanyakazi wa ndani waliachwa nje ya mabadiliko yale. Hayo yaimbwe, tena kwa ukali. Lakini yaimbiwe serikali, yaimbiwe maajenti, yaimbiwe sisi watu wazima. Ukishaandika juu ya karatasi "wanangu wapenzi" umechagua nani anasikiliza, na anayesikiliza ana miaka minane na amekaa juu ya mkeka. Tena hasikilizi peke yake. Barua anaisoma mkubwa kwa sauti, nyanya yuko pembeni anachambua mchele, na kila neno mama analiandika akijua linapita kwenye masikio ya mamake mwenyewe.

Utamaduni wenyewe tunao wa siku nyingi. Mwana Kupona wa Pate, kwenye utendi wake wa mwaka 1858, alimwita bintiye asogee na wino na karatasi, na alikuwa mgonjwa mwaka mzima, lakini ugonjwa anautaja kwa maneno machache pale mwanzoni halafu anaingia kwenye wasia. Aliye na haraka ya kumwachia mwanawe kitu cha kushika hana nafasi ya kuhesabu maumivu yake.

Turudi kwa kijana wangu. Mstari wake wa pili unasema huku kwangu ni usiku, kwenu nyinyi ni mchana. Hapana. Saa ya Riyadh na saa ya Mombasa ni moja, hazipishani hata dakika. Muscat na Dubai wako mbele yetu kwa saa moja basi. Nimemwambia huo mstari autoe, na sio kwa sababu ya jiografia tu, ni kwa sababu ukweli unauma kuliko uongo aliouandika. Saa kumi na mbili asubuhi mtoto wako anaamshwa na nyanya aende shule, na saa hiyo hiyo wewe unamwamsha mtoto wa mwenye nyumba, unamsuka nywele, unamfungia mkate kwenye mkoba. Ijumaa ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kule Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko, nyumba inajaa wageni na sinia za kabsa zinatoka jikoni moja baada ya nyingine, na wanao huku wako darasani. Mama yangu hakuwahi kutupigia Ijumaa. Sisi tulidhani ni kwa ajili ya sala.

Kuna na hili la barua yenyewe, maana prodyuza amemwambia kijana kwamba barua zimepitwa, aweke sauti ya simu ikiita halafu mama aongee kama voisi ya WhatsApp. Nimelifikiria sana hili na nimekataa. Kwenye simu mtoto anajibu. Mtoto anauliza unarudi lini, anauliza mbona uso umevimba, na ndio maana mama wengi wanazima kamera wanasema netiweki mbaya. Hata voisi inakusaliti, mama yangu alikuwa akinong'ona kwenye zake kwa sababu nyumba imelala, na nyuma unasikia maji yanatiririka kwenye sinki, kwa hivyo ukiwa na akili kidogo unajua kwamba saa sita na nusu usiku bado anaosha vyombo. Barua haina mlio. Barua ndiyo mahali pekee ambapo mama anaweza kupanga maneno mpaka yakae sawa, bila kukatizwa, bila kuulizwa lile swali. Ukiyachukua maneno yaliyopangwa hivyo ukayaimba, msikilizaji mtu mzima anaanza kuona mahali yalipoziba.

Ndio nikamwandikia kijana ubeti mmoja aone nina maana gani. Mizani nane kwa nane, kina cha kati ma, cha mwisho ni:

*Mwanangu mkubwa soma, nyanya yako yu pembeni,*
*Viatu nimevituma, vijaribu miguuni,*
*Vikibana si lawama, nilikisia kichwani,*
*Mama yenu ni mzima, salamu zipokeeni.*

Hapo hakuna chozi hata moja. Kuna viatu. Hivyo viatu ni vyangu, sikuvitunga. Mama alimpa mwenzake aliyemaliza kontrakti aje navyo, vyeusi vya shule, vizuri kabisa, na vilikuwa vidogo. Yeye alinipima kwa kumbukumbu, na kumbukumbu yake ilikuwa ya mguu aliouacha, mimi nimeshakua. Nyanya akatukataza kumwambia. Nikavivaa kwa kukanyaga visigino hadi vikapasuka, na mama alipouliza kwenye simu nikajibu vimenienea. Kwa hivyo yeye alikuwa akitudanganya kwamba ni mzima na sisi tukimdanganya kwamba vinatuenea, na familia ikaenda hivyo hivyo. Mimi naamini wimbo mzima unaweza kusimama juu ya mstari ule wa tatu kuliko juu ya pasi na mikanda.

Sasa tazama kibwagizo. "Mama yenu ni mzima" ni salamu tu, kila barua ya Kiswahili huanza hivyo, mimi ni mzima wa afya sijui nyinyi huko. Ubeti wa kwanza msikilizaji anaipita bila kuisimamia. Ubeti wa pili mama anasema mwezi huu pesa itachelewa, mwambieni mwenye duka avumilie, halafu anarudia kwamba ni mzima, na hapo mtu mzima anayejua mambo ya kule anashtuka, kwa sababu pesa haichelewi bure, imechelewa kwa kuwa mshahara umekaliwa. Ubeti wa tatu anasema simu yangu msiipige, nitapiga mimi. Mama yenu ni mzima. Maneno hayajabadilika hata herufi, ila anayesikiliza sasa hayaamini tena. Watoto ndani ya wimbo wanaendelea kuyaamini. Hapo ndipo wimbo unapomkaba mtu koo, na kwa hivyo mwimbaji lazima akiimbe kibwagizo kwa sauti ile ile mara zote tatu, asikate pumzi, asitie kilio, maana akilia mara ya tatu ameshawaambia watoto.

Kuhusu pesa, waandishi wanaogopa kuitaja, wanaona inaharibu utamu. Isitajwe vipi na ndiyo iliyompeleka? Mshahara unaousikia zaidi huku ni riyal 900 au 1,000 kwa mwezi, na riyal 1,000 kwa bei ya siku hizi inakuja kama shilingi 34,000 za Kenya. Mama wa kweli anaigawa hiyo ndani ya barua, ya ada, ya dawa ya presha ya nyanya, ya deni la ajenti, na kile kisichotajwa ni chake mwenyewe. Nusu ubeti unatosha.

Na ile "nitarudi karibuni" aifute. Kontrakti ni miaka miwili, tiketi ya kurudi iko kwa kafili, huyo mwajiri, kila anayeenda anajua hivyo. Mama hasemi karibuni. Mama anataja mwezi, halafu mwezi ukifika anasaini tena.

Kitu cha mwisho tulichobishana ni mdogo wa mwisho. Kijana alikuwa amemwekea machozi, mtoto anamlilia mama usiku kucha. Nikamwambia mtoto aliyeachwa na mwaka mmoja hamlilii mtu asiyemjua, huyo ameshapata mama, mama yake ni nyanya, na jirani wakubwa wakimsikia wanamrekebisha hapo hapo, huyo si mamako, mamako yuko Saudia. Mdogo wetu alikuwa akirekebishwa hivyo kila siku na alikuwa akikimbia kujificha. Nimempa mstari huu auweke:

*Nyanya akiitwa mama na mdogo, nyamazeni.*

Alinipigia simu baada ya kuusoma akasema huo ndio unaoanza wimbo, mimi nasema ukae ubeti wa mwisho kabla ya kibwagizo, hatujaelewana. Prodyuza naye bado anataka mwisho wa wimbo uwe uwanja wa ndege, watoto wanakimbia, ngoma inapanda. Hilo sitalikubali hata wakiondoa jina langu. Barua inaishia pale karatasi inapoishia, wako mama, basi, na aliyeisoma anaikunja.

Kilichobaki ni ubeti wa mtoto wa kati. Mkubwa ana viatu na kazi ya kusoma barua, mdogo ana nyanya, wa kati hakuna anayemkumbuka kwenye nyimbo hizi na nyumbani kwetu ilikuwa hivyo hivyo, dada yangu wa kati kila barua aliambulia "na wewe pia usome kwa bidii". Kina cha mwisho ni hicho hicho cha ni. Nyinyi mliokuwa wa kati, niambieni mama aliwaandikia nini, studio tunaingia Alhamisi.