Kugombania alama ya sawasawa kwenye 1+2+3+…

"Shikamoo Dokta. Nimejumlisha namba zote nzima chanya bila mwisho nikapata -1/12. Nimesogeza mistari nikatoa, hesabu imekubali kabisa. Mbona umenipa sifuri?"

Marahaba mdogo wangu. Namba yenyewe sina ugomvi nayo, nagombana na ile alama ya = uliyoiweka katikati.

Fikiria daladala ya Mbagala, kituo cha kwanza anapanda mtu 1, cha pili 2, cha tatu 3, na hakuna anayeshuka. Kituo cha kumi konda ana watu 55, cha mia ana 5050. Jumla inapanda tu, haitulii popote, na kwenye mfululizo sisi tunaandika = pale tu jumla inapotulia kwenye namba moja.

Sasa huko kusogeza mistari ndo kuna shida. Andika 1+2+3+4+… alafu chini yake weka hiyohiyo ukiisogeza nafasi moja, 0+1+2+3+…, toa. Ukitoa safu kwa safu unabaki na 1+1+1+1+…, lakini juu na chini ni kitu kilekile kwa iyo jibu lazima liwe 0. Rudia mchezo huohuo kwa 1+1+1+…, chini weka 0+1+1+…, toa, inabaki 1 peke yake, na upande wa pili ni 0 toa 0. Umeshapata 1 = 0! Sheria ile ile uliyotumia wewe, sijaongeza kitu.

Ila wanaosema -1/12 ni upuuzi mtupu nao siwaungi mkono hata kidogo. Ramanujan, mwanahisabati wa India, aliiandika kwenye barua yake kwa mwanahisabati Mwingereza Hardy mwaka 1913 na alijua fika inavyoonekana. Shika kalkuleta ujionee: kila namba n izidishe kwa e^(-0.1n) ili zile za mbali zififie, ndo ujumlishe. Unapata 99.9167 hivi. Gawa 1 kwa 0.1 kipeo cha pili, ni 100, kwa iyo imepungua 0.0833, ambayo ndo 1/12. Punguza ufifishaji, weka 0.01 badala ya 0.1, inakuja 9999.9167, yaani 10000 ikipungua ileile 0.0833. Sehemu kubwa inakimbilia milele lakini hicho kipunguo hakibanduki, na mi hapo ndo naona uzuri wote ulipo. -1/12 ni kinachobaki ukishaondoa sehemu inayokimbia, sio jumla.

Namba hiyohiyo ndo ζ(-1), yaani thamani ya kitendakazi cha zeta kwenye -1. Fomula yake ya ζ(s) = 1/1^s + 1/2^s + 1/3^s + … inatoa jumla ya kweli s ikizidi 1 tu, kwingine mwanahisabati Mjerumani Riemann aliipanua ζ kwa njia nyingine mwaka 1859, kwa iyo kwenye -1 ζ ipo ila ile fomula ya kujumlisha haipo tena.

Niletee karatasi upya, mstari wa mwisho uandike ζ(-1) = -1/12, na juu yake unionyeshe ulivyoiondoa hiyo sehemu inayokimbia.