Jumatatu ya Tiketi Sifuri

Jumatatu ile, tarehe 24 Novemba, nilifika ofisini na chapati zangu mbili, nikafungua foleni ya tiketi, yaani maombi ya watu waliokwama na kompyuta. Hakuna hata moja! Miaka yangu yote ya kusimamia seva hapa Dar sijawahi kuona Jumatatu ya namna hiyo. Nikamimina chai, nikajisemea kijana wewe unajua kazi.

Saa nne kasoro, mama wa mishahara akasimama mlangoni. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayeahirisha ugomvi.

"Baba, mfumo wa mishahara umenikataa tangu saa mbili. Kesho watu wanatakiwa walipwe."

"Mbona hukufungua tiketi, mama?"

"Nifungue wapi? Mfumo wa tiketi na wenyewe umenikataa. Nikakuandikia barua pepe, ikanijibu yenyewe: tafadhali fungua tiketi."

Jibu lile la moja kwa moja nililiweka mwenyewe, tena kwa kiburi. Na foleni niliyokuwa naisifia nilikuwa naiona kwa sababu kivinjari changu kilikuwa bado kimeingia tangu Ijumaa. Kumbe kampuni nzima ilikuwa nje inagonga.

Nikafanya anachofanya kila mtu wa IT asiyejua atendalo: nikambadilishia paswedi. Ikagoma. Nikambadilishia tena. Mara ya tatu akaniuliza kwa upole kama nimesomea.

Ndipo nikaenda mezani kwake nikamwangalia akiingia. Ukurasa wetu wa kuingilia ulimpokea vizuri, ukamsukuma kwenye mfumo wa mishahara, na huko ndiko yalikotokea maandishi mekundu: `Invalid signature`. Paswedi ingekuwa mbaya, asingetoka kwetu kabisa. Tatizo lilikuwa saini.

Kwa wasioishi na mambo haya: AD FS, huduma yetu ya kuwaingiza watu kwenye mifumo, ni kama ofisi ya serikali ya mtaa. Inakuandikia barua kwamba huyu namfahamu, inapiga muhuri, nawe unaipeleka kwenye mfumo unaoutaka. Mfumo hauijui paswedi yako. Unalinganisha muhuri tu na sampuli iliyo kwenye faili lake. Muhuri wenyewe ndicho cheti cha kusaini, na chetu kinadumu mwaka mmoja.

Lakini hicho nilikuwa nakijua! Kiliandikiwa kuisha tarehe 9 Desemba, na kikumbusho nilikiweka kwenye simu tarehe 8. Nikakimbilia seva:

```
Get-AdfsCertificate -CertificateType Token-Signing
```

Vikatoka vyeti viwili. Kile cha zamani, kizima kabisa, kimeandikwa `IsPrimary : False`. Kigeni nisichokifahamu ndicho chenye `True`.

Kumbe AD FS ikiachiwa ijibadilishie vyeti, haingoji siku ya mwisho. Siku 20 kabla, inatengeneza kipya na kukiweka pembeni. Siku 5 baadaye inakipandisha cheo, na kuanzia hapo barua zote zinapigwa muhuri mpya. Piga hesabu kutoka 9 Desemba: kimezaliwa tarehe 19 Novemba, kimetawazwa tarehe 24. Mifumo inayokuja yenyewe kusoma taarifa zetu, kama barua pepe, ilikuwa imeshachukua sampuli mpya bila kelele. Ule wa mishahara na ule wa tiketi husubiri mtu awapelekee kwa mkono. Mtu huyo ni mimi.

Dawa ni dakika tano: toa cheti kipya kwenye faili, ingia mfumo wa mishahara kama msimamizi, kipandishe. Kuingia kwa njia ya kawaida haiwezekani, ila kuna akaunti ya dharura isiyopitia kwetu. Paswedi yake iko kwenye kabati letu la kidijitali la paswedi. Ambalo nalo linafunguliwa kwa kupitia kwetu, na nalo bado lilikuwa na sampuli ya zamani.

Nikakumbuka bahasha. Aliyenitangulia aliiandika kwa mkono na kuifungia kwenye sefu ya uhasibu. Na ufunguo anao nani? Mama wa mishahara. Akafungua sefu taratibu, hana haraka hata kidogo sasa, akasimama nyuma yangu wakati nahangaika kujua kama ile ni sifuri au herufi O. Nikajaribu mara mbili, nikakataliwa, jasho likaanza. Akanyoosha kidole juu ya bega langu: "Hiyo ni O, baba. Sifuri zake alikuwa anazikata katikati. Nimesoma vocha zake miaka sita."

Ikafunguka. Nikapandisha cheti, mama akaingia, nikaenda kutibu na ule wa tiketi.

Tiketi ya kwanza iliingia papo hapo, kutoka kwake: "Naomba nirudishiwe paswedi yangu ya zamani."

Mishahara ilitoka kwa wakati. Na tarehe 8 Desemba, katikati ya kikao cha wakuu wa idara, simu yangu ikalia mezani, kioo juu, kila mtu akasoma: KESHO CHETI KINAISHA, JIANDAE MAPEMA.