Umeme ukikatika, Gmail yako inamsubiri mteja anayefuata

Nimechoka na yale matangazo ya ukutani kwenye saiba za Bukavu: "Funga akaunti yako kabla ya kuondoka, hatuhusiki." Kwa hiyo SNEL ikikata umeme mtu akiwa katikati ya barua, afunge akaunti na nini, mshumaa?

Tuseme mwanafunzi yuko kwenye Gmail, umeme unakatika, analipa dakika zake na kwenda zake. Umeme ukirudi, mwingine anafungua Chrome, inamuuliza kama arudishe kurasa zilizokuwa wazi. Anabofya "Restaurer", na barua za mwanafunzi hizo hapo, bila kuulizwa neno la siri. Kuzimika kwa mashine si kutoka kwenye akaunti. Vidakuzi, yaani vifaili vidogo vinavyomtambulisha kwa Google, viko kwenye diski, na kule Google bado anahesabika yumo ndani.

Dawa iko mikononi mwa mwenye saiba, na ni bure. Abofye kulia njia ya mkato ya Chrome, achague "Propriétés", kisha mwishoni mwa kisanduku cha "Cible", nje ya alama za kunukuu, aache nafasi moja na kuongeza neno --guest, mstari wote usomeke hivi:

```
"C:\Program Files\Google\Chrome\Application\chrome.exe" --guest
```

Mashine ikifunguliwa hivyo, kila mteja ni mgeni. Madirisha yote yakifungwa, historia na vidakuzi vinafutika, na umeme ukikatika hakuna cha kurudisha. Afute na njia nyingine za mkato zilizoko chini ya skrini, la sivyo wateja watapitia zile za zamani.

Haya, nakubali, mteja naye ana kazi yake. Asibofye "Enregistrer" Chrome inapoomba kuhifadhi neno la siri. Akimaliza, abofye picha yake juu kulia, "Se déconnecter", halafu kwenye orodha ya akaunti "Supprimer un compte", maana bila hilo anwani yake inabaki pale ikisomeka.

Na yule aliyekatiwa umeme asirudi mbio saiba. Kwenye simu afungue akaunti yake ya Google, "Sécurité", kisha "Gérer tous les appareils", aiguse ile kompyuta ya Windows na kubofya "Se déconnecter". Akikuta kuna kuingia asikokutambua, abadilishe na neno la siri. Kama alikuwa amefungua na WhatsApp kwenye ile kompyuta, aitoe kwenye WhatsApp ya simu, "Appareils connectés".

Ila hata hali ya mgeni haigusi faili zilizopakuliwa. Kadi ya mpiga kura uliyoipakua ili uichapishe inabaki kwenye "Téléchargements". Bonyeza Ctrl+J uone ulichoacha, fungua folda yenyewe, chagua faili, kisha Maj+Suppr ili isipitie "Corbeille". Kuiondoa kwenye ile orodha tu hakutoshi, hakikisha faili yenyewe haimo tena kwenye folda.